Usizibe chini ya dungu

Mzee alichukua ufito, akausimamisha pembeni ya nguzo ya dungu lake, kile kibanda cha shambani kinachokaa juu ya nguzo za miti, akaubonyeza kwa mkono mmoja tu. Ukazama. Na haukuzama kidogo, ulienda chini karibu mpaka kwenye goti langu, kama mtu anachoma kijiti kwenye uji. Akauchomoa, akasogea hatua mbili pembeni, akaubonyeza tena, safari hii kwa mikono miwili, ukagoma.

"Umeona? Hapo kwenye nguzo maji yalichimba shimo, halafu yalipokuwa yanaondoka yakalifukia yenyewe. Kwa macho huwezi kujua."

Hapo ni bondeni Rufiji, wiki kadhaa baada ya mafuriko ya Aprili 2024, tope limeshaanza kupasuka lakini mashina ya miti bado yana rangi mbili, kijivu chini na kahawia juu. Hatua kama hamsini kutoka pale tulipokuwa tumesimama ndo ilikuwa nyumba ya shemeji yangu. Nyumba ya bloku, imeinuliwa juu ya nguzo nne za zege, sakafu iko mita moja na nusu kutoka chini. Ukuta wa chini upande yanakotokea maji ulikuwa umelala ndani wote, na nguzo moja ya pembeni imetitia, sakafu imepasuka kutoka kona hadi mlangoni.

Dungu la mzee lilikuwa limeinama kidogo. Basi.

Mzee akaitazama ile nyumba, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mmeinua nyumba vizuri, halafu mmeziba chini. Sasa maji mlitaka yapite wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Na wazo la kuziba lilikuwa langu.

## Ile stoo

Nieleze ilikuwaje, maana hili limenikaa kichwani wiki nzima na nyingine na nyingine. Shemeji alipoinua nyumba yake alibakiwa na uwazi wote ule chini, na mi nilivyouona nikasema hii nafasi inapotea bure, weka bloku pande zote nne, weka mlango, tayari una stoo ya mpunga na mbuzi wanalala humo. Ilionekana akili sana. Nyumba nyingi za nguzo nilizoziona zimeishia hivyo hivyo, mwaka wa kwanza chini wazi, wa pili kuna mkokoteni, wa tatu kuna ukuta.

Maji yalipanda usiku. Stoo ilikuwa imefungwa kwa hiyo nje maji yalikuwa yamefika kimo cha mita moja na kitu wakati ndani bado kukavu, au karibu kukavu.

Nilikaa nikapiga hesabu, na naomba uifuate kwa sababu ndo iliyonibadilisha mawazo. Maji yaliyosimama tu, bila mkondo wowote, yanasukuma ukuta, na msukumo unakua kadiri unavyoshuka chini. Chukua ukuta wa mita 3 kwa upana. Maji yakiwa sentimita 60 nje na ndani kukavu, ukuta unasukumwa kwa uzito wa kama nusu tani. Yakifika mita 1.2, yaani kina kimeongezeka mara mbili tu, msukumo unakuwa mara nne: zaidi ya tani 2. Ukuta wa bloku umejengwa kubeba mzigo kutoka juu, ukisukumwa kutoka ubavuni hauna kitu. Ukipasuka kwenye mstari mmoja wa saruji basi umekwenda wote.

Halafu ongeza mkondo. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, ukiyaangalia hata hayatishi. Nguzo ya mti yenye unene wa sentimita 15 ikisimama kwenye maji hayo ya kina cha mita 1.2 inasukumwa kama kilo 11, mtoto anaweza kuisukuma hivyo. Ule ukuta wa mita 3 kwenye maji hayo hayo unasukumwa zaidi ya kilo 200, na hizo ni juu ya zile tani 2 za mwanzo.

Kwa hiyo tulichofanya ni kuichukua nyumba iliyoinuliwa ili maji yapite chini, tukaigeuza kuwa boma la kuzuia mto.

Kama tungeacha matundu makubwa chini ya kuta, maji yangeingia ndani na nje kwa pamoja na ule msukumo wa tani 2 usingekuwepo, ungebaki wa mkondo peke yake. Stoo ingelowa, mpunga ungeharibika, lakini nyumba isingepasuka. Hilo nalo sikulijua. Nilidhani kuzuia maji yasiingie ndo kuokoa nyumba.

## Shimo lisiloonekana

Ila ukuta haukunisumbua kama ile nguzo iliyotitia. Ukuta nilishauelewa. Nguzo ya zege, nene, sentimita 40 kila upande, nondo ndani, inatitiaje wakati vijiti vya mzee vimesimama?

Jibu lilikuwa kwenye ule ufito.

Maji yakikutana na nguzo hayaishii kuizunguka tu. Yale yanayogonga uso wa nguzo yanaporomoka kuelekea chini, yanafika ardhini, yanageuka na kuzunguka mguu wa nguzo kama kamba inayosokotwa, na yanabeba mchanga. Shimo linaanza hapo. Wahandisi wana kipimo cha haraka cha kukadiria: shimo linaweza kufika kina cha mara mbili ya upana wa nguzo. Nguzo ya sentimita 15, shimo la sentimita 30. Nguzo ya sentimita 40, shimo la sentimita 80.

Soma tena hapo. Nguzo nene inajichimbia shimo refu zaidi.

Na zile za shemeji zilikuwa zimekalia kitako cha zege kilichozikwa kama sentimita 70, tukaona inatosha maana ardhi ilikuwa ngumu kiangazi tulipochimba. Maji yalifika chini ya kitako, nguzo ikabaki inaning'inia kwenye nyumba badala ya nyumba kukaa juu yake. Na ile stoo iliongeza ubaya kwa sababu mkondo uliokataliwa na ukuta ulikimbilia kwenye kona, na konani ndo kuna nguzo.

Nguzo za mzee ni nyembamba, na zimezikwa karibu mita moja, aliniambia anachimba "mpaka bega", yaani analala kifudifudi mkono unaingia shimoni wote na kopo la kuchotea udongo. Shimo la sentimita 30 likitokea bado ana mguu wa kusimamia. Ndo maana limeinama tu.

Na ndo maana kila maji yakiondoka anapita na ufito nguzo kwa nguzo. Ukizama kwenye udongo laini anajua hapo kulichimbwa, anautoa ule uji wote, anajaza udongo wa mfinyanzi anaushindilia kwa mchi. Mtu asiyejua ataangalia chini, ataona ardhi iko sawa, atalala juu yake mwaka unaofuata.

## Alivyolisuka

Nililala pale siku mbili nikawa namfuata tu nyuma.

Kuna kitu nilikiona siku ya pili. Nguzo za dungu zimefungwa miti ya mshazari ili zisiyumbe, lakini miti hiyo iko pande mbili tu, zile zinazolala sambamba na mwendo wa maji. Upande unaotazamana na mkondo haukufungwa hata ufito mmoja. Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha mgomba uliokauka ukiwa umenasa kwenye uma wa mti jirani, umekusanya majani na nyasi na kipande cha chandarua, rundo linalokaribia upana wa mlango. "Ukifunga huku, hiyo yote inakuja kukaa kwako." Maana yake ni kwamba takataka zikinasa kwenye mshazari, nguzo zako nyembamba zinageuka ukuta, na tumeshaona ukuta unasukumwaje.

Sakafu ni fito zilizopangwa zikiacha nafasi ya kidole kati yake. Nilidhani ni kwa ajili ya hewa, na ni kweli usiku unasikia upepo mgongoni, lakini pia maji yakifika kimo cha sakafu yanapenya juu badala ya kuibeba sakafu nzima kama mtumbwi. Sakafu ya mbao iliyobanana inaelea. Hiyo ya fito inalowa tu.

Na viungo vimefungwa kwa kamba. Dungu zima linalia ukipanda ngazi, linacheza, mwanzoni niliogopa. Lakini nguzo moja ikisogea sentimita chache zingine zinafuata taratibu, halipasuki kitu. Ile sakafu ya zege ya shemeji nguzo moja ilivyoshuka haikuwa na pa kwenda zaidi ya kupasuka.

Sisemi ni kitu kisichokufa. Nguzo inaoza pale inapoingia ardhini, kwenye ule mstari ambapo unyevu na hewa vinakutana, chini zaidi na juu zaidi mti ni mzima kabisa ila hapo katikati umekuwa kama mkate. Mchwa nao wanaanzia hapo. Mzee anagonga kwa mgongo wa panga: nguzo nzima inalia kavu, iliyooza inanyamaza. Kati ya nguzo tisa, mbili zilinyamaza.

## Kwa nini basi tuliacha?

Hapa ndo nilipokwama wiki nyingi.

Watu wa bonde la Rufiji walikaa bondeni, mashamba yakiwa hapo hapo, mto ukiingia kila masika kulisha udongo na kuondoka, na nyuma yake wanapanda mlau, kilimo cha kufuata unyevu ulioachwa na maji. Dungu lilikuwa sehemu ya mpango huo: unalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija unabaki juu. Halafu yakaja mafuriko makubwa ya 1968, serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye nchi ya juu, kwenye vijiji vya kupangwa. Ilikuwa kabla ya operesheni za vijiji kusambaa nchi nzima miaka ya 1970.

Ni rahisi kuandika hapa kwamba wakubwa walikosea wenyeji walikuwa sahihi. Nilishaandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza, nikaifuta. Kwa sababu shule ilikuwa kule juu. Zahanati na barabara pia. Mtu aliyechukuliwa watoto na mto huwezi kumwambia amepoteza utamaduni kwa kuhama.

Lakini shamba halikuhama. Udongo mzuri ulibaki bondeni, kwa hiyo watu wakawa na nyumba mbili, ya juu kijijini na dungu la shambani, na msimu wa kilimo familia nzima inashuka. Nyumba ya kijijini ndo ikawa "nyumba". Dungu likawa kibanda. Neno lenyewe sasa ukilitaja watu wanaona kijana na kombeo anafukuza ndege. Sidhani mtu yeyote aliamua hivyo, ila kwa miaka hamsini na zaidi ufundi wote wa kukaa na maji ulihamia kwenye kitu ambacho hakuna anayekiita nyumba, na mtu akipata hela akitaka kujenga bondeni, kama shemeji, hamwendei mzee mwenye ufito. Anachukua fundi wa nyumba za nchi kavu anamwambia ainue.

Hilo ndo jambo lililokuwa linanisumbua. Tuliinua nyumba ya nchi kavu. Hatukujenga nyumba ya maji.

Kwenye mto Brahmaputra kule Assam, India, kuna watu wa Mising, na kisiwa chao cha Majuli kinaliwa na mto kila mwaka. Nyumba yao, chang ghar, ni ya mianzi juu ya nguzo, chini panakaa nguruwe na kuku na mtambo wa kufumia, na sakafu inaweza kupandishwa maji yakizidi. Tofauti na kwetu ni kwamba kwao ndiyo nyumba yenyewe, jiko liko katikati yake, linaitwa meram, wageni wanakaa hapo. Mtu akipata hela anaweza kubadilisha nguzo za mianzi akaweka za zege lakini chang inabaki chang. Chini panatumika mwaka mzima bila kuzibwa, kwa vitu vinavyoweza kuhamishwa. Kumbe jibu la "nafasi inapotea" lilikuwepo. Kivuli cha mchana ni matumizi.

Na Marekani, kwenye pwani zinazopigwa na mawimbi ya vimbunga, kanuni za ujenzi zinadai kitu kile kile alichosema mzee: chini ya nyumba iliyoinuliwa pabaki wazi, na ukiweka ukuta uwe wa kuvunjika kirahisi maji yakija, uondoke bila kuvuta nyumba.

## Aliyezalia juu

Mke wa mzee alinisikiliza nikisifia sifia sana. Akasema: "Wewe baba umelala usiku mbili. Mimi nimezalia huko."

Kisha akaanza kuhesabu, na hakuwa anatania. Choo kinazama siku ya kwanza, na maji yote mnayoyaona yamekuwa ya choo. Maji ya kunywa ni ndoo mlizopandisha. Nyoka naye anatafuta pakavu, anapanda. Mtoto akianza kutambaa humwachi hata dakika. Mama yake mzazi alipoishiwa nguvu za miguu ndo alihamia kijijini moja kwa moja, ngazi ilimshinda, hakurudi tena bondeni mpaka anafariki.

Dungu lilifanywa kwa maji ya siku chache, maji yanayokuja na kuondoka. Yakikaa wiki kwa wiki nguzo zinaweza kusimama vizuri kabisa huku watu walio juu yake wanaumwa kuhara. Hilo nguzo haziwezi kulitatua, inabidi mtumbwi uwe umefungwa kwenye ngazi na pawe na mahali pa kwenda.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimegeuka shabiki.

## Juu kiasi gani

Shemeji anajenga upya na swali lake la kwanza lilikuwa hilo: sasa nipandishe mita ngapi?

Mzee alitupeleka ndani ya ile nyumba iliyopasuka akatuonyesha mstari wa tope ukutani. Huo ndo wa kupima, alisema, sio ule wa kwenye miti nje, kwa sababu mti ulio kwenye mkondo maji yanaupanda upande mmoja na nyasi zinanasa juu kuliko kimo chenyewe. Ndani ya nyumba maji yanatulia, mstari unasema kweli. Tukapima. Kisha akatupeleka kwenye mwembe mmoja wa zamani, akaonyesha kwa kiganja pale baba yake alipomwonyesha. Palikuwa juu ya mstari wetu kwa kama urefu wa mkono wangu.

Tumekubaliana sakafu iwe juu ya kile kiganja kwa nusu mita. Ila sina uhakika mkubwa kama nilivyokuwa nao zamani, kwa sababu kiganja kile ni cha mto wa wakati ule. Sasa juu kuna bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto wenye bwawa hauji kwa ratiba ile ile ya mto uliokuwa huru, na mvua zenyewe hazifuati tena zile hesabu za wazee. Alama ya kwenye mwembe inakuambia yaliyowahi kufika. Kwa hiyo nguzo tumezikata ndefu kuliko tunavyohitaji, na juu zimeachwa na kipande cha ziada, ili siku moja sakafu iweze kupandishwa bila kung'oa kitu.

Ni za mti, sio zege. Zimezikwa mpaka bega. Mshazari pande mbili.

Juzi shemeji kanitumia picha. Imependeza, ngazi imekaa vizuri, mke wake amekaa chini kivulini anachambua mchele. Nikaiangalia mara ya pili nikaona upande yanakotokea maji amepigilia mabati kutoka nguzo hadi nguzo, kwa misumari ya nchi nne.

Nikampigia hapo hapo. Akasema shemeji mbuzi wanaibiwa, nifanyeje. Na ni kweli wanaibiwa, wawili wamekwenda mwezi uliopita.

Tumeongea karibu saa nzima. Mabati anayatoa. Anaweka uzio wa fito mpaka kifuani, umefungwa kwa kamba za ukindu tu, bila msumari hata mmoja, na mzee amesema atakuja mwenyewe kuonyesha fundo, lile la kufunguka likivutwa kutoka upande wa mtoni.